Vitabu Tisa vya Kuku

Getruda alikuwa amefagia maktaba ya shule pale Songea miaka kumi na mmoja, na mwaka ule wa 1994 akaambiwa ameiba vitabu tisa vya ufugaji wa kuku. Mkuu wa shule alimpa hadi Ijumaa. Visipoonekana, kazi hana.

Alhamisi Mwalimu Joachim, msimamizi wa maktaba, alikaa na droo ya kadi akisoma namba moja moja, naye Getruda akigusa vitabu mgongoni, rafu baada ya rafu. Kusoma hakujua, ila namba alizijua kwa sura.

"Mama Noela, sema tu kurasa ulifungia vitumbua vyako," mwalimu akamwambia Getruda.

"Karatasi zenu ngumu, mwalimu. Hazinyonyi mafuta."

Kwenye 636, mahali pa mifugo, palikuwa na pengo. Walipofika 641, penye mapishi, kidole chake kikasimama. "Kadi za hapa umezimaliza, lakini vitabu vimebaki tisa."

Mwalimu akafungua kimoja, akalinganisha namba iliyogongwa ndani na daftari la vitabu. Ndicho. Mende walipokula lebo za zamani, yeye mwenyewe alibandika mpya za mapishi kwa kutazama jalada: mayai kwenye bakuli.

Akachukua raba, akafuta neno "vimepotea" kwenye kadi. "Basi, mama, yamekwisha."

"Kwenye kadi yamekwisha. Twende kwa mkuu, ukafute na kule."

Getruda akavibeba vyote tisa mwenyewe, akatangulia.