Uji Wangu na Samli ya Bunda

Nusura nirudishwe kwetu kwa sababu ya uji. Si uji mbaya. Uji wa ulezi, umesagwa vizuri, umepikwa ukaiva, hauna donge hata moja. Nasema hivi mapema kwa sababu wako wajukuu wanaofikiri bibi yao alikuwaga mpishi mbovu. Hapana.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, nami nimeolewa karibu na Mwitongo, pale Butiama, sijamaliza mwaka. Mume wangu alikuwa Musoma, anafanya kazi dukani huko Iringo, anakuja nyumbani anapopewa ruhusa. Mimi nikabaki na wakwe zangu wawili, na wote wawili wanaumwa tumbo.

Mama mkwe alikuwa na kibuyu cha samli. Samli hiyo ilitoka Bunda, kwa mwanawe mkubwa anayekaa Manyamanyama, ambaye alikuwa akituma debe kila akipata lori la kulileta. Kibuyu hicho hakiguswi na mtu. Kwetu samli ya nyumba hushikwa na mwenye nyumba peke yake, na mkamwana mgeni hata kukitazama sana kibuyu ni utovu wa adabu. Mchana mama alijimiminia mwenyewe juu ya ugali mpaka ugali unaogelea. Halafu jua likishainama, mimi namletea uji kwenye kata. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mkamwana: uji wa alasiri.

Anakunywa uji. Hata kata hajaiweka chini vizuri, maumivu yanamshika. Chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka nyuma ya bega. Anatapika. Hakai, halali, anazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Uji huu una kitu!" anasema.

Baba mkwe naye alikuwa na yake. Huyu chembe ya moyo ilimwaka moto. Anakula ugali na mboga yenye pilipili nyingi, anashushia kwa pombe, na kabla hajanawa mikono unamsikia anacheua na kulalamika. Zahanati walimpa chupa ya dawa nyeupe kama chokaa. Akinywa, anapata nafuu. Aliipenda chupa ile kuliko fahali wake. Mkewe akilia, anamwambia, "Kunywa dawa yangu, mama watoto, ugonjwa wetu ni mmoja." Mama anakunywa, wala haimsaidii chochote.

Basi wakaweka hesabu yao. Wagonjwa wawili, nyumba moja, mgeni mmoja. Mgeni ni mimi.

Shemeji zangu waliokaa jirani walianza kunong'ona. Mama hakunong'ona, yeye alisema kwa sauti. "Kabla hajaja huyu, nilikuwa naumwa nini? Goti tu." Ikapangwa siku ya wazee kukaa, na kama neno litathibitika, baba yangu atarudisha ng'ombe nami nitarudi na mzigo wangu kichwani. Mdogo wangu wa kike alikuwa anakaribia kuolewa. Nani angechukua binti wa nyumba inayozaa watia sumu? Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mimi sikusoma. Nilikaa shuleni muda wa kujifunza kuketi kimya, basi. Lakini macho ninayo. Nikaona debe la Bunda lilipokawia na kibuyu kikakauka, nilipeleka uji siku sita mfululizo na mama hakulia hata mara moja. Akasema nimeogopa, nimeacha kutia sumu. Debe likaja, kilio kikarudi. Nikajiuliza, mbona sumu yangu inasafiri kwa lori?

Saa sikuwa nayo. Nilikuwa na kivuli cha ghala. Mama akinawa baada ya ugali, nachomeka kijiti pale kivuli kilipofika. Maumivu yakianza, kijiti cha pili. Yakiisha, cha tatu. Kila siku ya samli vijiti vilikaa karibu palepale: cha pili mbali na cha kwanza, na cha tatu mbali zaidi, karibu na zizi. Kutoka uji mpaka maumivu hapakuwa na nafasi ya kuchomeka hata mwiba. Uji uliyakuta maumivu tayari yako mlangoni, ukapigwa wenyewe uliobisha hodi.

Nilitaka pia kujua ya baba mkwe. Lakini mkamwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso, hiyo ni heshima yetu. Unasema na kitu kilicho karibu. Karibu palikuwa na mbuzi.

"Wewe mbuzi," nikasema, "huo moto huwa unaanza lini?"

Baba mkwe, yuko upande wa pili wa ua, akamwambia mbuzi, "Huanza tonge la mwisho likiwa bado kooni."

"Na ukila ugali bila samli, mbuzi?"

"Samli mimi sipewi, mbuzi. Unajua mwenyewe nani anaificha. Mimi naungua vilevile."

Mbuzi akaenda zake. Lakini nilikuwa nimepata neno langu: magonjwa ni mawili.

Kesho yake mama alijikwaa kwenye vijiti. Akatazama chini, akaona mistari ya vijiti ghalani mpaka zizini, akapiga yowe mpaka jirani wakaja na mikuki. "Uchawi! Ananipimia kaburi!" Mimi, mwerevu, vijiti vyangu vya kunitetea vikawa vya kunifunga. Wazee wakataka kukaa siku ileile.

Aliyeniokoa ni baba mkwe, na si kwa huruma. Chupa yake ilikuwa imekwisha. Akasema neno kubwa kama hilo haliamuliwi bila mganga wa zahanati, na akija aje na dawa.

Mganga huyo alikuja asubuhi ya pili kwa baiskeli. Mtu wa Tabora, Mwislamu, kanzu imekunjwa isiingie kwenye mnyororo, na mkononi saa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka tunaona aibu kumjibu. Akasikiliza wote. Kisha akaniuliza mimi habari za vijiti. Nikamweleza. Akatembea kutoka kijiti hadi kijiti, mikono nyuma.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "usile samli leo. Nakukataza."

Huyo mganga alijua magonjwa, mama mkwe hakumjua. Kumkataza! Mchana mama alikiinua kibuyu mbele ya wazee wote. "Samli ya mwanangu niliyemzaa mwenyewe iniue? Tazameni!" Akamimina mpaka wazee wakameza mate.

"Basi huyu binti asipike uji," mganga akasema. "Akae hapa tumwone sote, asiguse chungu wala kata."

Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani, kama mwizi wa kuku. Wanaume walikuwa wamekula upande wao. Baba mkwe hajafikisha maji mikononi, akacheua, akajishika chembe ya moyo. Mganga akatazama saa. "Wewe mzee, papo hapo." Akampa dawa nyeupe, na muda si mrefu mzee akatulia.

Mama akamcheka. "Umeona? Nyie wanaume mmelegea. Mimi na samli yangu mzima kabisa."

Tukakaa. Mama alikuwa mzima. Akapiga hadithi. Akanitazama jicho la ushindi, maana sikuleta uji naye haumwi. Mimi nilikitazama kivuli. Kilikwenda polepole kama kinanionea. Wazee walianza kusinzia, mmoja akasema tusipoteze siku, binti afunge mzigo wake. Shemeji yangu akasimama kabisa kwenda kuuleta.

Kivuli kikagusa kijiti cha pili. Kikapita kidogo. 

"Nashukuru Mungu," mama akasema, "leo sijanywa ule—"

Hakumaliza. Akajishika ubavu wa kulia. Wazee wakaamka wote.

"Saa mbili na robo tangu alipokula," mganga akasema.

Mama akalia, uji ule uliolaaniwa leo hakuunywa, kwa nini basi anaumwa? Mzee mmoja akaniangalia juu ya kinu akasema, "Huyu hata inzi hajafukuza." Baba mkwe, kwa moyo mwema, akamnywesha mkewe dawa nyeupe. Mama aliitapika yote miguuni pa mzee. Mganga akamlaza, akamminya chini ya mbavu za kulia, akamwambia, "Vuta pumzi, mama." Mama alivuta, pumzi ikakatika katikati, akampiga mganga kofi.

"Ahsante," mganga akasema, anajipangusa shavu. "Hapo ndipo penyewe."

Akatueleza. Ya mzee ni moto wa tumbo lenyewe, huja na chakula au mara tu baada yake, hukaa juu katikati, na dawa ya chokaa huupoza. Apunguze pilipili na pombe, ale kidogo kidogo, na akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, asingoje. Ya mama ni mfuko wa nyongo. Ng'ombe anao, mtu anao. Mafuta yakishuka tumboni, mfuko hujikamua. Kama una vijiwe na kimoja kikaziba mdomo wake, ndiyo maumivu hayo. Huchelewa, saa moja au zaidi baada ya mlo, huuma mfululizo, hupanda begani, na chokaa haiyafanyi kitu.

"Mawe?" mama akanong'ona. "Nimekula mawe lini?"

Baba mkwe akasema, "Niliwahi kuyakuta kwenye nyongo ya ng'ombe. Ya manjano. Alikuwa ng'ombe mkali sana."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mimi, moyoni.

Maumivu yaliisha ng'ombe walipokuwa wanaingia zizini, kivuli kwenye kijiti cha tatu. Mganga akaandika barua, tukapanda lori kwenda hospitali Musoma. Daktari Mzungu akamminya palepale, naye akakwepa kofi, nadhani barua ilimwonya. Akasema vilevile. Kupasuliwa mpaka Mwanza, mama akakataa. Basi aache mafuta, na siku macho yakigeuka manjano au homa ikaja na maumivu, aletwe mbio.

Mzigo wangu haukufungwa. Kuniomba radhi mama hakuniomba, msingoje kusikia hilo. Tuliporudi Butiama aliingia ndani, akatoka na kibuyu, akakitupa mapajani mwangu. Shemeji zangu wote wanaona.

"Shika wewe. Nikikuomba, ninyime."

Mwenye kibuyu ndiye mwenye nyumba. Nilikishika kwa mikono miwili.

Siku ya tatu akaomba. "Kijiko kimoja tu, mwanangu."

"Hapana, mama."

"Cha kupaka midomo."

"Hapana."

Akatoka uani akapiga yowe, jirani wakaja tena, safari hii bila mikuki. "Mkamwana wangu mchoyo! Ananinyima samli ya mwanangu mwenyewe!"

Nikamletea uji. Akaunywa wote, akalamba kata, akaniambia umekosa chumvi.