Fundi Hyasinta na Fremu ya Mwisho

Niseme ukweli mapema: mimi ndiye niliyemwambia bosi wetu, Nurdin, kwamba yule mama hafai. Nimejifunza mwaka mzima kutengeneza video za matangazo kwa akili mnemba, macho yameniuma, halafu siku moja analetwa fundi cherehani wa miaka hamsini na mbili, miwani imefungwa uzi sikioni, aje akae meza moja na mimi! Nilikasirika, na sikuificha.

Ofisi yetu ipo ghorofa ya tatu, Mchafukoge, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tunatengeneza matangazo mafupi ya maduka ya Kariakoo, yale yanayozunguka kwenye simu za watu na kwenye runinga za milangoni. Hyasinta alitoka Masasi akiwa msichana, akashona miaka kumi na tisa kwenye kibaraza cha jengo moja la zamani mtaa wa nyuma. Mwaka jana jengo likavunjwa lijengwe ghorofa, na kibaraza kikaondoka nalo. Cherehani aliipeleka chumbani kwake Ilala, lakini wateja hawakumfuata. Nurdin, ambaye sare zake zote za shule alizishona Hyasinta, akampa wiki moja ya majaribio.

"Anajua vitambaa, na anajua kueleza kitu," Nurdin aliniambia. "Aandike maelekezo, wewe Stella umsimamie."

"Na akishindwa?"

"Ijumaa utaamua wewe mwenyewe."

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Jumatatu alipoingia, sikumpa hata shikamoo. Nilimwambia "mambo," kama ninavyomwambia mwuza vocha. Akanitazama kidogo, akasema "salama, mwanangu," akakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Bi Ummy, mwenye duka jipya la vitenge. Tulikuwa na klipu moja ya sekunde nane ambayo aliipenda mno: mwanamke amesimama kwenye meza ya duka, anakunjua jora la kitenge, kamera inasogea kulia polepole, kitambaa kinapaa kidogo hewani. Pale inaishia. Bi Ummy alitaka iendelee, mwanamke ajitie kitenge begani na kutabasamu, ila akasema sekunde zile nane za mwanzo asiziguse mtu. Duka linafunguliwa Jumamosi.

Programu yetu inaichukua fremu ya mwisho ya klipu, ile picha moja iliyosimama, kisha inaanzia hapo kutengeneza sekunde nyingine kwa kufuata maneno unayoiandikia. Haijui kilichotangulia. Inaiona picha ile tu, na maneno yako.

Hyasinta akaandika maelekezo yake ya kwanza kwa mwandiko wa kupendeza kabisa: mama anaingia dukani, anabisha hodi, anasalimiana na mwuzaji, anaulizwa habari za nyumbani, ndipo anakunjua kitenge na kujitia begani. Nikaweka. Tukangoja. Mwanamke wetu akasita, ukuta wa majora ukageuka mlango, akaingia mwanamke wa pili anapunga mkono, na yule wa kwanza akayeyukia kwenye vitambaa.

Nilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

"Mama, mtu yupo ndani tayari. Hodi ya nini tena?"

"Sasa, mwanangu, mtu aanze mambo bila salamu?"

"Wameshasalimiana! Sekunde nane zilizopita!"

Akaondoa salamu. Mara ya pili akaeleza nguo ya yule mama, gauni jekundu, kwa kuwa jekundu ndilo linalompendeza mtu kwenye tangazo. Kwenye picha gauni ni la bluu. Katikati ya video gauni likabadilika rangi, na kitambaa kilichokuwa kinapaa kikaganda hewani kama kibao, kisha kikaanguka kwa kishindo. Palipoungwa palionekana hata na kipofu.

Alhamisi asubuhi alifika macho mekundu. Akaniambia bila kuzunguka kwamba akikosa hapa atarudi Masasi, na hataki kurudi Masasi, maisha yake yote yapo Kariakoo. Nilijibu kitu cha kijinga, sikumbuki nini. Lakini moyo uliniuma.

"Isimamishe pale mwisho," akasema. "Usiicheze. Niione imesimama."

Nikaisimamisha. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa, akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Akakaa hivyo dakika nzima.

"Hapa pamechanika," akasema.

"Wapi?"

"Vidole. Tazama, vidole vya mkono wa kulia vimeingia kwenye kitambaa. Huwezi kuunga juu ya pindo lililofumuka. Unakata kidogo kwanza, ufike kwenye kitambaa kizima."

Nilitazama. Kweli, fremu ya mwisho ilikuwa na ukungu, vidole vimechanganyika na maua ya kitenge, na programu ilikuwa inaurithi ukungu ule kila tulipojaribu. Siku tatu nimeitazama klipu ile sikuuona. Nikarudi nyuma fremu sita, hadi mahali vidole vitano vinahesabika, nikakata hapo. Bi Ummy asingeona robo ya sekunde imepungua.

Ndipo Hyasinta akachukua karatasi, akaniuliza maswali kama anampima mteja. Kamera inaenda wapi? Kulia, polepole. Kitambaa kinapanda au kinashuka? Kinaanza kushuka. Mkono upi umeshika pindo? Wa kulia. Mwanga unatoka wapi? Mlangoni, kushoto.

Akaandika: "Endelea kutoka hapa, bila kukata. Kamera inaendelea kusogea kulia polepole, kwa mwendo uleule. Kitenge kilicho hewani kinamalizia kushuka mezani kwa ulaini. Mkono wa kulia haujaachia pindo. Unalivuta taratibu hadi begani. Mwanamke anatabasamu. Mwanga uleule kutoka kushoto. Asiingie mtu mwingine."

"Mstari wa mwisho ufute, mama," nikasema. "Ukitaja mtu, inaweza kumleta. Taja unachokitaka tu."

Akaufuta. "Na gauni?"

"Gauni inaliona yenyewe."

"Basi nimwache na gauni lake."

Tuliiendesha mara mbili. Ya kwanza kiwiko kilipinda vibaya. Ya pili nikaiunga na klipu ya mwanzo, nikaitoa fremu iliyojirudia kwenye kiungo, na Ijumaa asubuhi nikamwita Nurdin.

"Stella," Nurdin akasema, "tafuta palipoungwa. Ukipaona, basi, majaribio yameishia hapo."

Niliitazama mara moja. Kitambaa kikapaa, kikashuka, pindo likapanda begani, mwanamke akatabasamu. Nikarudia nikiwa nimeyakaza macho kwenye sekunde ya nane, sikuona kitu, ingawa mahali penyewe nilipaunga mwenyewe kwa mikono yangu. Mara ya tatu nikasahau kutafuta, nikabaki natazama lile tabasamu. Hyasinta alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, ameshika karatasi yake kwa mikono miwili.

"Sipaoni," nikasema.

Nurdin akapiga makofi, akateremka kumpigia Bi Ummy simu. Mama akakaa chini taratibu, akalia kidogo, akajipangusa, kisha akauliza kama kuna klipu nyingine inayosubiri. Zilikuwepo nne.

Jumamosi tulipita Kariakoo kwenye ufunguzi. Watu walijaa mlangoni wakitazama runinga, na Bi Ummy akatuuliza yule dada wa kwenye video tulimpata wapi, amuulize fundi wake, kwani naye anataka gauni kama lile la bluu. Hyasinta akamwambia gauni atalishona yeye.

Jumatatu nilifika kabla yake. Nikasikia hatua zake ngazini, polepole, akipumzika ghorofa ya pili kama kawaida yake. Mlango ulipofunguka nilikuwa nimeshasimama.

"Shikamoo, mama."

Akasita pale mlangoni, mkoba mkononi. Wiki nzima alikuwa akiingoja salamu ile, na hakuniambia hata siku moja.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, sasa tunaweza kuanza."