"Nadhani" Niliyoifuta

Tak. Huo ndio mlio wa kitufe cha kusimamishia kanda, na kwa miaka ishirini na miwili karani tuliyemwita Mama Kanda aliusikia hata akiwa anaosha vyombo kwake.

Alifanya kazi katika ofisi ya uchunguzi wa ajali kazini, akiandika maelezo ya mashahidi kutoka kwenye kanda. Mashahidi husimulia kwa kurukaruka, mwisho ukitangulia mwanzo. Yeye aliyapanga mambo kwa saa na dakika, akiandika pembeni dakika ya kanda. Jambo ambalo shahidi hakuliona kwa macho yake aliliandika "aliambiwa." Lenye mashaka aliliwekea alama: "hana uhakika." Neno kama "uzembe" hakuthubutu kuliandika.

Siku moja mchunguzi aliingia akicheka. "Mama, umetumalizia kazi. Dereva wa forklifti aliondoa gari kabla ya kengele ya tahadhari kulia. Saa tisa kikao kinamfukuza kazi."

Mama Kanda alishtuka. Shahidi alikuwa mpishi wa kantini ya ghala, mama mcheshi ambaye kila sentensi aliitia "nadhani." Hata umri wake: nadhani hamsini na mbili. Alipoandika, Mama Kanda aliziona "nadhani" zile kuwa mazoea ya mdomo, akazifuta zote pamoja na "eee" na vikohozi.

Alivaa vipokea sauti masikioni. Dakika ya kumi na nne. Forklifti ilirudi nyuma, ikamvunja kuli mguu. Mpishi akaulizwa: na kengele? Kimya kikafuata, kirefu, mafuta yakichachatika kikaangoni. Kisha mpishi akasema, "Ililia baadaye... nadhani. Nilikuwa nimewapa mgongo, mwanangu." Swali lingine likaja haraka.

Tak. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, na tena, mdomo wazi. Sentensi ile ya mgongo nayo hakuwa ameiandika kabisa.

Rasimu ya kwanza hakuichana. Juu yake aliandika "ina kosa," akachapa nyingine. Kila "nadhani" ikarudi mahali pake, kwani haikuwa kazi yake kuamua ipi ni ya mazoea na ipi ni ya kweli. Kwenye kengele akanukuu maneno yenyewe, akaongeza: "Shahidi hana uhakika kipi kilitangulia. Aulizwe tena, asomewe, ndipo asaini."

Mchunguzi alisoma, kicheko kikamkauka. Alimtania kwamba uzee umempigia hodi, kisha akauliza kama neno moja linastahili kuahirisha kikao. Mama Kanda akampa vipokea sauti. Aliposikia kile kimya, aliketi.

Saa tisa kasoro dakika tano walitoka pamoja. Kwenye benchi la korido dereva alikuwa ameketi na mkewe, kofia ya kazi magotini, ameshazikusanya funguo za kabati lake tayari kuzirudisha.

Mchunguzi alipita kwenda kukiahirisha kikao. Mama Kanda akainama mbele ya dereva, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kanda yoyote.

"Shahidi alisema 'nadhani,' baba. Mimi ndiye niliyeifuta."