Mita ya Ujazo ya Uwiano

Msimamizi wetu wa ujenzi tulimwita Uwiano, naye aliamini ni sifa. Msimamizi mwingine akiamka anauliza mvua imenyesha au la, huyu alikuwa akifika kazini anauliza, "Moja kwa ngapi kwa ngapi?" hata kabla hajatusalimia. Chai aliikoroga kwa uwiano. Mkewe aliwahi kutuambia kwamba hata ugomvi wa nyumbani kwao una vipimo: neno moja la mke kwa sita ya mume.

Mimi ni fundi nondo. Kazi yangu ni kufunga vyuma kabla zege halijamwagwa, kwa hiyo kwa miaka mingi nimemwangalia mtu huyu nikiwa nimechuchumaa, yeye amesimama juu yangu mikono kiunoni. Ukimwona mtu kutoka upande huo kwa muda mrefu, unamjua hadi tundu za pua.

Nisimwonee. Uwiano hakuwa mvivu wala mlevi, na ukuta wake ulikuwa umenyooka. Zege la kawaida alilijua kama jina lake. Saruji sanduku moja, mchanga masanduku mawili, kokoto manne, na hapo alikuwa akiinua kidole: "Mifuko sita na kidogo kwa kila mita ya ujazo. Usiniulize, andika." Hatukumuuliza, na tungemuuliza asingekuwa na jibu, maana kanuni hiyo alipewa na fundi aliyemfundisha kazi, ambaye naye alipewa na mwingine. Imetoka wapi, hakuna aliyejua. Ilifanya kazi, basi.

Shida ilikuja na jengo la zahanati. Mwenye jengo alikuwa mkunga mstaafu, mama wa maneno machache na miwani mizito. Mchoro wa slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya kwanza, ulidai zege la daraja ishirini na tano: moja kwa moja na nusu kwa tatu. Zege la nguvu zaidi. Uwiano hakuwahi kuagiza saruji ya zege hilo, na fundi wake wa zamani hakumwachia kanuni yake. Mtu wa kawaida angepiga simu kwa mhandisi akauliza. Lakini Uwiano aulize? Afadhali angetembea uchi sokoni.

Akatuita sote, akasimama mbele ya ubao wa kuzuilia zege na penseli ya seremala.

"Tazameni watu wanavyotumia kichwa," akasema. "Moja, moja na nusu, tatu. Jumla?"

"Tano na nusu," tukajibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la pili.

"Mita moja ya ujazo ya saruji ina kilo elfu moja mia nne na arobaini. Gawanya kwa tano na nusu. Kilo mia mbili sitini na mbili, na mfuko ni kilo hamsini! Mifuko mitano na robo kwa kila mita. Slabu yetu ni mita ishirini za ujazo. Mifuko mia moja na mitano. Nani ana swali?"

Tulipiga makofi, tena mimi nilipiga kwa nguvu, maana jua lilikuwa kali na nilitaka aondoke. Mhandisi alikuja na gari lake, akasaini oda juu ya boneti, simu ameibana kati ya sikio na bega. Nadhani alichosoma kwenye karatasi ile ni mahali pa kuweka sahihi.

Mifuko mia moja na mitano ikaletwa, pamoja na mchanga na kokoto za hesabu hiyo hiyo, vikapokelewa na mtunza stoo. Huyu alikuwa mdogo wa mke wa Uwiano, kijana mtu mzima mwenye watoto wawili, mkimya, funguo zake zimefungwa kwenye mkanda wa suruali. Uwiano ndiye aliyemtafutia kazi, na hakuacha siku ipite bila kumkumbusha. "Shemeji, umekula leo? Basi umekula kwa jina langu." Yule shemeji alikuwa anacheka kidogo na kuendelea na kazi.

Siku ya kumwaga zege tuliamka na mbio. Sanduku la kupimia lilijazwa sawasawa, mfuko kwa mfuko, uwiano ule ule wa kwenye mchoro. Hilo Uwiano alilisimamia mwenyewe na hakukosea hata koleo moja. Zege lilikuwa zuri, la rangi ya kijivu iliyokolea, linashika nondo zangu vizuri hadi nikaona raha. Tukafika theluthi mbili ya slabu. Hapo mtu wa mashine akapiga kelele, "Saruji!" na kutoka stoo hakikuja kitu.

Stoo ilikuwa tupu. Lundo la kokoto na la mchanga nayo yamebaki vumbi. Nondo zangu za theluthi iliyobaki zilikuwa wazi kama mbavu, na zege lililomwagwa likaanza kukauka huku tunalitazama. Slabu ikikatika katikati hivyo, zege la kesho haliungani na la leo kama kitu kimoja. Itabidi ukingo ule uchongwe, usuguliwe, na mhandisi aamue kama patafaa au pavunjwe. Kila mtu pale alijua hilo.

Uwiano alimgeukia shemeji yake.

"Saruji iko wapi?"

"Imeisha."

"Haiwezi kuisha! Nimepiga hesabu mbele ya watu! Theluthi mbili ya slabu inakula mifuko sabini. Mifuko thelathini na mitano imekwenda wapi?"

"Kaka, yote imeingia kwenye mashine."

Mifuko mitupu ingehesabiwa, mambo yangeishia hapo. Lakini mifuko mitupu haikai kwenye eneo la ujenzi. Huyu amewashia moto, yule amefunikia matofali, mwingine amekalia. Shemeji akabaki na neno lake tu, na neno la mtunza stoo lina thamani gani siku stoo ikiwa tupu?

Hapa ndipo nilipomchukia Uwiano kwa mara ya kwanza. Angeweza kunyamaza hadi kesho. Lakini aliona aibu ya kuleta mwizi kazini itamwangukia yeye, akaamua awe mkali kuliko polisi. Jioni ile ile aliwachukua vibarua wanne, wakaenda kupekua nyumba ya shemeji. Na shemeji anaishi na mama yake. Yaani mama mkwe wa Uwiano mwenyewe. Walifungua makabati, wakamwaga unga, wakaingia hadi chumbani kwa mama na kufumua kitanda chake, godoro nje, mashuka nje, majirani wamejaa mlangoni. Walichopata ni nusu mfuko wa saruji iliyoganda miaka iliyopita, ambayo mama alikuwa anazuilia mlango usipigwe na upepo. Uwiano aliibeba kama ushahidi. Alihema njia nzima.

Asubuhi tukaitwa kwenye kibanda cha ofisi. Mkunga amekaa, mhandisi amesimama dirishani, shemeji amewekwa katikati. Polisi walikuwa wameshapigiwa simu. Walikuwa njiani, au walisema wako njiani. Lile jiwe la saruji liko mezani.

"Sijachukua hata kijiko," shemeji akasema. "Na kokoto je? Kokoto imeisha na mchanga umeisha. Hizo nazo niliziweka chini ya kitanda cha mama?"

"Mwizi wa kweli habagui," Uwiano akajibu, na wawili watatu wakacheka.

Mkunga hakucheka. Alivua miwani, akaifuta.

"Msimamizi, mimi saruji siijui. Nieleze taratibu. Mlijuaje kwamba inatakiwa mifuko mia moja na mitano?"

Usimwombe Uwiano akueleze kitu kama una safari. Alivuta pumzi, akatanua kifua.

"Mama, mimi zege nimelianza hujawazia kujenga. Zege la kawaida, moja kwa mbili kwa nne, nakuambia nimelala: mifuko sita na kidogo kwa mita ya ujazo. Sasa hili lako ni la daraja la juu. Hili lina nguvu zaidi kwa sababu lina saruji nyingi zaidi. Kwa hiyo hili linakula mifuko mitano na..."

Sijawahi kumwona mtu akisikia maneno yake mwenyewe namna ile. Mdomo ulibaki wazi, kidole kimeinuka. Mkunga alimsubiri, kisha akamsaidia, kwa upole uliouma.

"Mitano. La kawaida sita, la nguvu mitano?"

Mhandisi aligeuka kutoka dirishani kama mtu aliyechomwa na sindano. Akachukua karatasi, akaandika haraka haraka, na ghafla akawa mwalimu.

"Kokoto ina nafasi katikati," akasema. "Ukimimina maharage kwenye ndoo ya viazi, ndoo haiongezeki, maharage yanaingia kwenye mianya. Mchanga unaingia kwenye kokoto, saruji inaingia kwenye mchanga, maji yanashusha lundo lote. Ili upate mita moja ya zege, unahitaji karibu mita moja na nusu ya vitu vikavu. Moja nukta tano nne. Kwa hiyo mia mbili sitini na mbili unazidisha kwa hiyo: kilo mia nne na tatu. Mifuko minane kwa mita. Slabu nzima ni mia moja sitini na mmoja; mia moja na mitano inaishia theluthi mbili tu."

Alijua yote hayo tangu chuoni, bwana mkubwa. Alichokosa ni dakika moja ya kusoma alichokisaini. Na ile kanuni ya zamani ya Uwiano, ya mifuko sita, ilikuwa na kizidisho hicho ndani yake siku zote. Aliibeba maisha yake yote bila kuifungua.

"Kwa hiyo hakuna kilichoibiwa," mkunga akasema.

"Hesabu ilikosea," Uwiano akasema, akitazama sakafu.

Shemeji akafungua funguo kwenye mkanda, akaziweka mezani kando ya lile jiwe.

"Hesabu haina mikono, kaka. Nani alikosea?"

Nje gari la polisi lilisikika likikata kona.

"Mimi."

Lilikuwa neno fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akitoa. Shemeji akatikisa kichwa.

"Hilo la hapa limeisha. Sasa twende nyumbani ukamwambie mama."

Mkunga akawarudisha polisi mlangoni, nasi tukaenda na Uwiano, wengine kwa huruma, mimi kwa umbea. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Usiku ule alilala kwa jirani, na chumba chake alikiacha vile vile walivyokiacha. Uwiano alipiga magoti, akaanza kueleza habari za kokoto na mianya, na moja nukta tano nne. Mama alimwacha aeleze hadi akaishiwa.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikifumua kitanda changu watu wakitazama," akasema, akiwaita majirani kwa mkono. "Ingia ukakitandike. Njooni jamani, msimame pale pale mlipokuwa jana."

Uwiano akainuka, akavua viatu mlangoni, akaanza kuokota mashuka.