Sifuri Mbili za Hisabati

Nilikuwa mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya Newala, miaka ile biashara ya korosho ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku juu milimani na mizani zao. Wazazi wetu walijua kuhesabu vizuri sana. Ripoti za shule tu ndizo zilizowashinda, na mimi nilidhani kosa ni lao.

Januari moja walikuja na ripoti za Desemba, wamenuna. Mtoto kapata sabini na mbili katika mtihani, mbona mwisho wa mstari ameandikiwa arobaini na nane? Mbona kuna safu inaitwa "tathmini endelevu" na hakuna aliyewahi kumwona huyo Endelevu darasani? Mkuu wa shule akanigeukia: wewe ndiye mtu wa tarakimu, waandikie barua.

Niliandika kwa majigambo yote ya ujana. "Wazazi wapendwa, mtoto hapimwi siku moja tu. Kila muhula tunatoa majaribio matatu. Wastani wake ndio tathmini endelevu, na ni nusu ya alama za ripoti. Nusu nyingine ni mtihani wa mwisho wa muhula. Ni kama mkorosho: ukiacha kupuliza salfa, dawa ya ukungu, wakati wa maua, usitegemee muujiza siku ya kuokota. Mtoto asiyekuwepo siku ya jaribio hupata sifuri, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo msiwazuie nyumbani msimu wa korosho. Atakayependa, aje aone daftari la alama." Sentensi ile ya mwisho niliiweka kwa urembo tu, nikijua hakuna atakayekuja.

Wa kwanza kufika alikuwa baba wa msichana mwenye sabini na mbili. Mzee mkavu, kanzu safi, barua yangu imekunjwa mara nne mkononi. Shuleni kwetu, asiyefikisha hamsini katika hisabati alikariri kidato cha tatu, na binti alikwisha kuambiwa akae na wadogo zake. Alikuwa nje, dirishani, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuona mizani."

Nilicheka. Nikafungua daftari na kumwonyesha kwa kidole, polepole, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea. Jaribio la kwanza, sabini. La pili, sifuri. La tatu, sifuri. Jumla sabini, gawa kwa tatu, ishirini na tatu. Changanya na sabini na mbili ya mtihani, gawa kwa mbili, arobaini na nane.

"La pili nakubali," akasema. "Siku ile nilimtuma kuokota korosho. Mvua ilikuwa inatishia. Lakini la tatu alikuja. Alitoka nyumbani na sare."

"Huenda hakufika, mzee. Watoto wa siku hizi."

Aliinama juu ya daftari, akateremsha kidole jina kwa jina. Sitini na moja, sitini na moja. Arobaini, arobaini. Themanini na tano, themanini na tano. Alifika chini kabisa, kisha akarudi juu kuhakikisha.

"Mwalimu, mwaka jana mnunuzi mmoja alikuja kijijini. Gunia langu kilo sabini, la jirani sabini, la mjane mmoja lililojaa nusu, nalo sabini. Tukajua mshale umekwama. Sasa darasa zima limepata jaribio la tatu sawasawa na la pili?"

Jaribio la tatu halikuwahi kufanyika. Wiki ile nilikuwa Kitangari, kwenye mikorosho ya marehemu baba, naokota huku mgongo ukiniuma. Niliporudi ripoti zilitakiwa, nikanakili safu ya pili kuwa ya tatu, nikajiambia haitamdhuru mtu. Nami ndiye niliyeandika kwamba asiyekuwepo hupata sifuri! Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nilimwambia ukweli wote, hata habari ya mgongo. Aliguna mara moja tu, yule mzee.

"Basi sifuri ya kwanza ni yangu," akasema. "Ya pili ni yako. Ondoa ya kwako. Yangu iache, nimeikubali."

Nikaifuta safu ya tatu ya darasa zima. Sabini na sifuri, gawa kwa mbili, thelathini na tano. Ongeza sabini na mbili, gawa kwa mbili, hamsini na nne ukikadiria. Nilihesabu kwa sauti, naye akinifuata kwa vidole. Binti alisikia hamsini na nne akiwa dirishani, akakimbilia kidato cha nne kabla sijamruhusu.

Mzee aliinuka, akaikunjua barua na kuiweka juu ya daftari.

"Hii mwalimu ibaki kwako," akasema. "Mimi nimeshaielewa."