Insha Iliyorudi Bila Alama

"Wewe ni Mungu?"

Hayo ndiyo maneno ambayo mkufunzi aliandika kwa wino mwekundu chini ya insha yangu ya majadiliano. Alama hakuweka.

Ilikuwa miaka ya sabini, katika chuo cha ualimu huko Kitui. Tuliulizwa kwa nini watoto huacha shule wakati wa ukame. Nilijibu: "Ukame huwaondoa watoto wote shuleni, kwa sababu wazazi hawajali elimu." Nililelewa Ikutha, katika kanisa ambako anayeshuhudia husema "nimeokoka". Hakuna aliyesema "huenda nimeokoka". Kwetu, kusitasita kulikuwa upungufu wa imani.

Mkufunzi aliniita ofisini.

"Wazazi wote? Umewauliza wangapi?"

"Nimewaona majirani, Mwalimu."

"Basi eleza ulichokiona kwa majirani. Ukitaka kwenda mbali zaidi, sema 'inaelekea', sema 'huenda hali hii ikaashiria'. Dai lisiuzidi ushahidi wake. Andika upya, ulete Ijumaa. Ukishindwa, huendi mazoezi ya kufundisha."

Nilitoka na insha yangu mkononi. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba muhula ujao nitasimama mbele ya darasa.

Niliandika upya nikitia tahadhari kila mahali. Mwenzangu wa chumba, msichana wa Migwani asiyejua kunyamaza, aliinyakua karatasi akaisoma kwa sauti.

"'Inaonekana labda huenda mvua haikunyesha.' Wee, ulikuwa wapi? Hata mbuzi wenu walijua haikunyesha!"

"Mwalimu alisema tusiwe na uhakika."

"Uhakika wa usichokijua, mama! Kwa hili la mvua si ulilala njaa mwenyewe?"

Nilianza tena. Niliyoyaona niliyaacha wazi: mvua haikunyesha, mto ulikauka, watoto wa majirani walishinda wakichota maji mbali. Niliyoyakisia niliyawekea mpaka: "Hali hii huenda ikaashiria kwamba baadhi ya wazazi hawapuuzi elimu, ila hukosa mikono ya kuwasaidia."

Sentensi moja ilinikwamisha. "Wasichana huelekea kuondolewa kwanza." Niliiamini, lakini ushahidi niliokuwa nao ni wa nyumba moja tu, yetu. Niliifuta, nikaandika: "Nyumbani kwetu, dada yangu aliondolewa kwanza. Huenda na kwingine ilikuwa hivyo."

Ijumaa mkufunzi alisoma nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Kalamu nyekundu ilishuka pole pole, ikasimama kwenye sentensi hiyo.

"Huyu dada yako amerudi shule?"

"Bado, Mwalimu."

"Atarudi?"

Nilitafuta ushahidi, nikaukosa.

"Huenda."

Alinitazama, kisha akaifunika kalamu na kuiweka mfukoni. Akaniambia nirudi Jumatatu kujua kama nitakwenda mazoezi. Niliiona karatasi yangu pale mezani. Alama bado hakuweka.