Bangili Tatu za Mkwe Wangu

Tulipoingia kwa sonara Musoma mjini tulikuwa watatu: mimi, wifi yangu aliyetoka Bunda alfajiri, na binti wa Butiama aliyekuwa anaolewa na mwanangu. Kwao mahari ilikuwa ng'ombe. Upande wa marehemu mume wangu, bibi harusi huvishwa seti: mkufu, hereni, pete na bangili sita. Mimi mwenyewe nilivishwa hivyo.

Akiba aliyoacha mume wangu ilitosha gramu ishirini na sita na friza moja, ili watoto wale waanze biashara ya samaki. Kila gramu ya ziada ilikuwa inaila friza.

Sonara akapima. Mkufu nane, hereni tatu, pete tatu. Zikabaki kumi na mbili.

"Zigawe kwa sita," wifi akasema.

"Zitakuwa gramu mbili mbili, mama. Akikanda unga tu zinapinda. Na ufundi nitakuhesabia bangili sita. Chukua tatu za gramu nne."

"Tatu? Kwetu bibi harusi anasikikaga kabla hajaonekana!" Akaninong'oneza, "Wifi, tatu za dhahabu, tatu za rangi. Nani atapima?"

Nakiri, nilifikiria. Kisha nikasema hapana, siwezi kumvisha mtoto wa watu uongo.

Binti, ambaye tangu asubuhi alikuwa mpole, akasema, "Shangazi, geukia ukutani. Sikiliza, uchague kwa sikio."

Wifi akageuka, amejishika kiuno. Sonara akatoa bangili sita za gramu nne. Binti akavaa mbili, akapunga mkono.

"Hiyo kengele ya mbuzi!"

Akavaa zote sita, akapunga taratibu kama mgonjwa.

"Mh. Hizo tatu, za kinyonge."

Akavua tatu, akacheza na zilizobaki mpaka kiti kikaanguka.

"Haya! Hizo ndizo sita! Umesikia, wifi? Hizo ndizo!"

Sonara akajificha uso kwa kitambaa. Mimi ningeweza kunyamaza.

"Ni tatu, wifi. Zile sita umeziita za kinyonge."

Akageuka, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. "Mmenitia vumbi masikioni!" akasema, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nikacheka. Tangu nitoke eda sikuwa nimecheka kwa sauti, na nilishtuka kuisikia.

"Kaka yangu alikuwa kiziwi kuliko mimi," wifi akasema, anafuta machozi. "Hata yeye asingejua."

Kweli, asingejua. Mimi nilivaa sita miaka yote ile, na kila nilipofika mlangoni aliuliza, "Nani huyo?"

Sonara akaweka tatu kwenye mizani: kumi na mbili kamili. Wifi akamwambia binti azivae zote mkono mmoja, na atembee kwa haraka.

Tukatoka kwenda kuangalia friza.